Nusu Dakika ya Barazani

Nilipostaafu ualimu pale Chake Chake, niliitangazia nyumba nzima kwamba sasa nitaandika kumbukumbu zangu za kila siku. Nikanunua daftari la jalada gumu na kalamu tatu. Nilifika ukurasa wa nne, vidole vikakakamaa. Nikahamia kwenye simu. Huko nako nilichapa kwa kidole kimoja, sentensi mbili kwa robo saa, na simu ikawa inanisahihisha mie niliyesahihisha watoto wa watu miaka thalathini. Nikiandika Pujini, kijiji cha hapa jirani, inaleta neno la Kizungu nisilolijua.

Binti yangu, mwalimu huko Wete, alikuja Ijumaa moja akanikuta nimenuna.

"Baba, usiandike. Sema." Akanifungulia ukurasa wa kujitumia ujumbe mwenyewe. "Shikilia hapa penye alama ya maikrofoni, useme siku yako ilivyokwenda, kisha uachie. Kila siku mara moja. Ukiona sekunde zimefika thalathini, basi."

"Nusu dakika haimtoshi mtu kama mie."

"Ndiyo maana nimekupa nusu dakika."

Siku ya kwanza nilianza na bismillahi, nikatoa salamu, nikataja tarehe za Kiislamu na za Kizungu, nikaeleza hali ya hewa. Sekunde thalathini zikaisha kabla sijajifikia mwenyewe. Ilinichukua wiki nzima kuziacha salamu, maana niliyekuwa nikimsalimu ni mie, na sikuwahi kuitikia hata mara moja.

Nikawa na saa yangu: baada ya alasiri, barazani nyuma ya nyumba, mke wangu akipika uani kwa kuni na makumbi ya nazi.

"Unazungumza na nani?" aliniuliza.

"Na nafsi yangu."

"Nisalimie."

Nikaendelea hivyo wiki tatu. Nilieleza goti langu, chai iliyokosa tangawizi, mbuzi wa jirani, kisha goti tena. Nilijiona mtu makini sana.

Asubuhi moja mke wangu aliinua ndoo ya maji, akaiweka chini, akakaa kando yake. Pumzi zilikuwa zinamkatika. Nikamwambia twende hospitali. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akavaa buibui.

Foleni ilikuwa ndefu. Pale kwenye benchi nikaweka simu sikioni nijisikilize, kupoteza muda. Nikasikia goti langu, na nyuma ya goti nikasikia kikohozi. Nikafungua ya siku iliyotangulia, kipo. Nikarudi nyuma siku moja moja hadi wiki ya kwanza, na kila nilipojilalamikia kulikuwa na mtu anakohoa. Nilikoma kusikiliza.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Nilimsomesha darasa la tano.

"Shikamoo, mwalimu." Akamgeukia mke wangu. "Bi, kikohozi kina muda gani?"

"Siku mbili tatu tu, mwanangu."

"Wiki tatu," nikasema. "Ninao ushahidi."

Nikaiweka simu mezani, nikabonyeza ya zamani kabisa niliyoisikia benchini. Sauti yangu ikajaa chumba kizima: "Leo goti limenisumbua kutwa, na humu ndani hakuna hata mmoja aliyeniuliza." Humo kwenye simu, nyuma yangu, mke wangu alikohoa, akapumzika, akakohoa tena, kisha sufuria ikaanguka.

Daktari alitazama tarehe, halafu akanitazama mie.

"Mwalimu, hapa ulikuwa umekaa mbali naye?"

"Hatua sita," nikasema. Sikuona njia ya kuziongeza.

Mke wangu alijifunika mdomo kwa ukingo wa mtandio. Nikadhani anakohoa. Alikuwa anacheka.

Wakampima makohozi na kifua. Tulingoja majibu siku ambazo sikurekodi chochote; kila nikishika simu niliona haya. Majibu yalikuja salama, hakikuwa kifua kikuu. Moshi ndio uliombana. Akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, na akakatazwa kukaa karibu na kuni.

Basi jiko likawa langu mpaka tupate la gesi. Nilipika wali ambao chini umeungua na juu una kiini. Mke wangu alikaa barazani mbele ya nyumba, mbali na moshi, akala wote.

Siku moja akaniomba simu. "Nifundishe na mie hiyo nusu dakika."

Nikamwonyesha, nikarudi kupuliza moto, masikio yote kwake. Alitumia sekunde kumi na tisa.

"Umesema nini?" nikamuuliza.

"Kwamba mvua imenyesha, na kifua kimetulia."

Nikangoja aendelee. Kumbe ndiyo yote. Kuhusu wali, nadhani alinisitiri.