Feni ya Chumbani

Rafiki yake wa kufa na kuzikana, mtunzi wa michezo ya redio, alimletea fundi sauti mazungumzo ya wapenzi yaliyorekodiwa kwa simu. Mwanamke aliigizwa na mke wa fundi, mwanamume na mtunzi mwenyewe.

"Tulirekodi kwangu, kaka. Nisafishie."

Fundi alikata sauti nzito za chini, vishindo vya upepo vikapungua. Kisha akachagua sekunde mbili kabla hawajaanza kusema, kompyuta iujue mvumo wa chumba ndipo iupunguze. Akazisikiliza. Ndani ya mvumo kitu kiligonga, kikanyamaza, kikagonga tena: feni ya chumbani kwa fundi mwenyewe, iliyolegea akaifunga kwa waya kwa mkono wake.

Wiki waliyorekodi, yeye alikuwa safarini.

Akawatumia ujumbe wote wawili, rafiki na mkewe: "Upepo nimeutoa. Mvumo nimeuacha, ni wa feni yangu."