Mdhamini wa Kibosho

Wasifu wangu wa kwanza wa kuombea kazi ulikuwa wa kutia aibu. Chini ya "Uzoefu wa kazi" niliandika: Hakuna. Dada wa steshenari pale Moshi mjini, aliyekuwa akinichapia, alisita.

"Mwaka wa mwisho chuoni ulifanya nini?"

Nikamwambia: utafiti wa kutu ya majani kwenye mibuni.

"Likizo je?"

"Nilijitolea kwenye chama cha kahawa kijijini kwetu Kibosho. Nilipita kihamba kwa kihamba, shamba la kila boma, nikaandikisha wakulima, nikahesabu mibuni yao."

"Halafu unaandika hakuna!"

Akafuta. Akaweka Miradi, Masomo, Kujitolea, na chini ya kila kimoja nikaeleza nilichofanya kwa mikono yangu, bila chumvi. Nilipousoma nilijiona mtu. Akauliza wadhamini. Nikaandika mhadhiri aliyenisimamia, ambaye nilimwomba ruhusa kwa barua pepe, na mwenyekiti wa chama. Mwenyekiti sikumwomba. Ni jirani, amenijua tangu nabebwa mgongoni. Niliona haya kumwambia kwamba ule msaada wangu nimeuita uzoefu.

Shirika moja lilitafuta mtu wa kukusanya takwimu za wakulima wa kahawa. Kazi yangu ile ile! Usaili ulikwenda vizuri mno, wakasema watawapigia wadhamini. Mama akaanza kuniulizia viatu vya ofisini. Wiki mbili baadaye ukaja ujumbe: tunasikitika.

Jumapili, baada ya misa, mwenyekiti akaniita mbele ya watu, uso umejaa furaha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wale watu wako walinipigia. Nimekupigia debe!"

"Uliwaambiaje, baba?"

"Waliuliza kama ulifanya kazi kwetu. Nikasema hapana, huyu ni binti yetu, alikuwa anatusaidia tu. Kazi hajawahi kupata hata siku moja. Ningesema unayo kazi, si wangempa nafasi asiye nayo?"

Nilichoka. Nilitaka kumpigia kelele pale pale kanisani, mzee wa watu. Nikasema asante, nikaondoka nikilia.

Kwa siku kadhaa nilimkasirikia. Kisha tangazo jingine likatoka, na nilipofika kwenye wadhamini sikuwa na mwingine aliyeniona nikipita katikati ya ile migomba na mibuni na daftari kwenye mvua. Nikaenda kwa mwenyekiti. Mkewe akatupakulia mtori wa ndizi. Nikamweleza mzee polepole kwamba kule ofisini kusaidia nako huhesabiwa, ila lazima aseme nilifanya nini.

Akaweka kijiko chini.

"Kumbe ni mimi niliyekunyima."

"Hapana, baba. Mimi ndiye sikuja kukuomba."

Akaagiza daftari langu la kuandikishia wakulima liletwe kutoka chamani. Akavaa miwani, akaanza kusoma mwandiko wangu ukurasa wa kwanza, jina moja baada ya jingine, ili simu ikipigwa tena asikosee. Mtori wake ulipoa.