Mnavu na Mnanaha katika Faili Lililofungwa

Kitu cha kwanza nilichokiona katika faili lile ni mbu. Alikuwa amebanwa kwenye kioo cha skana, mbawa zimetanuka na mguu mmoja umekunjika, na kwa kuwa hakuna aliyekifuta kioo, mbu yuleyule alijitokeza katika kila ukurasa, pembeni upande wa kulia, karibu na mstari wa kumi. Katika kurasa zenye picha za majani alionekana kama sehemu ya mmea. Nilisukuma kando kikombe changu cha chai, maana hamu ilikuwa imeniondoka.

Faili lilikuwa la kitabu cha bibi mmoja wa mtaa wa Mpendae, mwalimu mstaafu aliyezaliwa kaskazini ya Unguja. Miaka mingi alikusanya habari za mboga za porini: jani lipi huliwa, lipi huungwa kwa nazi, lipi likiguswa mikono ioshwe. Alitaka nakala ziende katika skuli ya kijijini kwao, ambako watoto hutumwa kuchuma mboga na hurudi na kitu chochote cha kijani. Aliniita kwake, akanikalisha, akaniambia jambo moja tu.

"Mwanangu, mimi nnaogopa makosa ya aina moja. Mtoto achume kitu kwa sababu kitabu changu kimemwambia kinaliwa, na kumbe hakiliwi. Mengine yote ntayastahamili."

"Inshallah halitotokea, Bi."

"Inshallah, ndiyo. Lakini wewe soma."

Nilijifunza mwenyewe kazi ya kusoma prufu, yaani nakala ya majaribio kabla ya kitabu kuchapwa, nilipokuwa mtunza stoo, kwa kusahihisha karatasi za watu wengine bila ya kuombwa. Sina cheti. Nina mpango tu, na sianzi kusoma mpaka nijue faili lenyewe ni la namna gani. Hili nililijaribu kwa kutafuta neno "majani". Katika kitabu kizima cha majani, kompyuta ilisema neno hilo halimo. Maana yake hapakuwa na maandishi mle, palikuwa na picha za maandishi tu. Hakuna neno linaloweza kutafutwa wala kunakiliwa, na kila herufi isomwe kwa jicho. Kisha nikajaribu kuweka maoni pembeni ya ukurasa. Vitufe vyote vilikuwa vimefifia. Faili lilikuwa limefungwa kwa neno la siri.

Nikaenda mpaka kwenye kiwanda cha uchapaji kilichotoa faili lile, Mji Mkongwe, chumba cha chini chenye ukuta unaotoa maji chumvi na chokaa inayomomonyoka juu ya karatasi safi. Juu ya mashine ya kukatia palikuwa na sahani ya mifupa ya samaki tangu mchana, na nzi wake. Mwenye kiwanda alikuwa anakula tende na kutema kokwa ndani ya bahasha.

"Naomba faili la asili," nikamwambia. "Hili siwezi kulifanyia kazi ndani yake."

"La asili lipo, lakini hatutoi. Tukikupa, kesho nyinyi mnalipeleka kwa mchapaji mwengine."

"Basi nipe neno la siri, niweke maoni tu."

"Neno la siri ni siri, mzee wangu. Lingekuwa si siri tungeliita neno tu." Akacheka, na fundi wake wa kompyuta, kijana wa makamo mwenye miwani, naye akacheka kwa adabu.

"Hakuna la asili," nikasema. "Kurasa zimepinda, na kwenye ukingo kuna kivuli cha tundu za pini. Nyinyi mmeskani prufu ya karatasi."

Mwenye kiwanda akalamba kidole. "Kompyuta ilikufa. Allah ndiye anayejua. Lakini kazi itatoka."

Yaani walikuwa wamepoteza kazi yote, wakaipiga picha prufu iliyobaki, halafu wakaifunga picha hiyo kwa kufuli ili asiibe mtu. Nilitoka nje kuvuta hewa, na hewa ya kichochoro kile ilinuka mtaro.

Zipo njia za kuvunja kufuli kama hilo. Sikuzitumia. Faili si langu, na kama ningelifungua na kulichezea, pangekuwa na mafaili mawili yanayofanana na hakuna ambaye angejua lipi ni lipi. Kuchapisha kurasa na kuziandika kwa kalamu pia nilikukataa: wangezipiga picha kwa simu, pembeni pakatike, na nusu ya masahihisho ipotee. Nikatengeneza jedwali katika waraka wa peke yake.

Kila sahihisho lilipata nambari yake na mstari wake. Safu moja ilitaja ukurasa wa faili, na ya pili ukurasa uliochapwa, kwa sababu faili lilianza kuhesabu kwenye jalada na kitabu kilianza kuhesabu baada ya dibaji, na ukitaja "ukurasa wa thelathini na moja" bila ya kusema wa wapi, mtu atasahihisha kwengine. Safu ya tatu ilitaja aya na mstari, ukihesabu kutoka juu bila ya kichwa. Halafu "Sasa ni hivi", maneno kama yalivyo, pamoja na jirani zake ili yasichanganywe na mengine. Halafu "Iwe hivi", na humo sikuandika amri yoyote, maana nimeshaona kitabu kilichochapwa na maneno "weka nukta hapa" katikati ya sentensi. Amri na sababu zilikaa katika safu ya mwisho. Maswali ya mwandishi niliyatenga katika ukurasa wake, yasije yakafanywa kama masahihisho. Pale palipokuwa na picha, nilipiga picha ya skrini, nikaizungushia mraba mwekundu wenye nambari ya sahihisho. Mbu nilimpa nambari yake pia.

Na kwa kuwa walichonacho ni picha tu, nilijua watasahihisha kwa kubandika viraka vyeupe. Kwa hiyo sikupendekeza neno refu kuliko nafasi yake ila palipokuwa hapana budi.

Ukurasa wa thelathini na moja uliochapwa, wa thelathini na tano katika faili, ulikuwa na picha mbili. Ya juu ilionyesha ua refu kama tarumbeta na tunda lenye miba. Huo ni mnanaha, na mnanaha ni sumu. Aliyeula hupagawa, na huweza kufa. Ya chini ilionyesha mmea mdogo wenye maua meupe madogo na vishada vya matunda ya mviringo. Huo ni mnavu, ambao majani yake hupikwa. Maelezo yalikuwa yamepishana. Chini ya tunda lenye miba paliandikwa: "Mnavu. Majani huliwa yakishapikwa vizuri."

Nilimpigia simu bibi kabla ya kuendelea. Nilipomsomea, akasema, "Ndilo hilo."

Katika jedwali niliandika mistari miwili, mmoja kwa kila picha, nikaeleza picha ilivyo, maelezo yaliyopo na maelezo yanayotakiwa, nikaweka picha za skrini, nikapaka rangi nyekundu: "Hatari kwa maisha." Nikatuma jedwali, nikaomba prufu ya pili.

Prufu ya pili ilikuja na jina lilelile la faili kama la kwanza. Nikalibadilisha jina, nikaliweka kando ya lile la zamani, nikapita mstari kwa mstari. Mbu alikuwa ameondolewa katika kurasa nyingi, na katika baadhi yake waliondoa mwili wakaacha miguu. Viraka vilikuwa vyeupe kuliko karatasi, kama plasta juu ya kidonda. Nikafika ukurasa wa thelathini na tano wa faili. Chini ya tunda lenye miba: "Mnavu. Majani huliwa yakishapikwa vizuri."

Safari hii bibi alikuja mwenyewe kiwandani. Alikaa ukingoni mwa kiti kilichokuwa na madoa ya mafuta, baada ya kutandika kanga.

"Shikamoo, Bi," akasema mwenye kiwanda.

"Marahaba. Kwa nini hamkufanya?"

"Tumefanya, Bi! Wallahi tumefanya. Tena mara mbili!"

"Mara mbili vipi?" nikauliza.

Fundi akavua miwani. "Bi alituma ujumbe wa sauti, akasema maelezo yamepishana. Nkakata kipande cha juu nkakipeleka chini, na cha chini nkakipeleka juu. Baadaye likaja jedwali lako, nalo linasema yamepishana. Nkayapisha tena."

"Jedwali linasema sasa yakoje na yawe vipi. Hukuangalia kama yameshakuwa hivyo?"

"Nlisoma safu ya mwisho tu. Hizi nyengine nyingi mno."

"Kasoma safu ya mwisho," bibi akarudia, taratibu, kama anayeonja kitu kilichochacha. "Na mie nlituma sauti kwa kuogopa jedwali lisichelewe."

Mwenye kiwanda akaingilia. "Lakini Bi, watoto wa shamba wanaujua mnanaha. Nani ataula?"

Ningefungua mdomo, yangetoka maneno ambayo bibi hakustahili kuyasikia. Yeye ndiye aliyejibu.

"Wanaujua kwa sababu mtu mkubwa kawaambia. Sasa mtu mkubwa ni kitabu changu." Akamgeukia fundi. "Kaa ufanye, nnakutazama."

Nikaomba tukubaliane kwanza: kuanzia hapo masahihisho yanatoka katika jedwali tu, hakuna sauti, hakuna simu. Nikaongeza safu moja, "Imefanywa", ya fundi kutia alama. Akafungua ukurasa. Bibi alisoma kwa sauti kilichomo katika "Iwe hivi", fundi akapeleka kipande, nami nikatazama picha wala si maneno: miba juu, mnanaha, vishada chini, mnavu. Akatia alama. Sikuondoka mpaka alipotoa faili jipya lenye jina jipya na nikalifungua pale pale, maana kilichorekebishwa kwenye skrini yake hakina thamani kama hakikuingia katika faili linalokwenda mashineni. Akalifunga tena kwa neno la siri. Mazoea.

Bibi alitia saini ya idhini juu ya ukurasa huo mmoja uliochapwa, akakataa kutia juu ya kitabu kizima. "Mengine mtajua wenyewe," akasema.

Nakala zilipofika Mpendae zilinuka gundi na unyevu. Majalada yalikuwa na alama za vidole vya wino, na viraka vilionekana hata kwa mtu asiyevijua. Nilimwambia bibi kwamba zingestahili kurudishwa. Alifungua nakala ya juu, akaenda ukurasa wa thelathini na moja, akaweka kidole juu ya miba, akakishusha mpaka kwenye jina. Akaifunga. Akachukua ya pili.

"Bi, zimetoka katika mashine moja. Ikiwa moja ni sawa, zote ni sawa."

"Wewe unawaamini?"

Nikavuta kiti, nikachukua nakala iliyofuata, nikaanza kufungua.