Mwisho J5

Kuna maneno ambayo hadi leo nikiyasoma kwenye simu yangu naona kichefuchefu. "Mteja wetu mpendwa" ni mojawapo. "Tunakujali daima" ni jingine, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu nimekaa jikoni lilipopikwa na ninajua kilichotiwa ndani.

Nilikuwa nikifanya kazi katika duka la dawa na vyakula vya mifugo hapa Suna, Migori. Duka lilikuwa na tawi Homa Bay, na mwenye maduka hayo mawili, ambaye sote tulimwita bosi, aliniweka mimi niwe ninaandika meseji za matangazo kwa wateja. Unaandika mara moja kwenye kompyuta, unabonyeza, na meseji inaingia kwenye simu ya kila mteja aliyewahi kutuachia namba yake, kuanzia Kehancha kwetu hadi Rangwe huko. Anayeipokea haoni namba. Anaona jina la duka tu pale juu.

Jumatatu moja bosi aliingia amefurahi sana. Friji zetu zote mbili, ya hapa na ya Homa Bay, zilikuwa na chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoingia bomani na kufagia kuku wote. Tarehe ya mwisho iliyochapishwa kwenye chupa ilikuwa Jumatano ya wiki hiyohiyo. Badala ya kukubali hasara, alikuwa amepata wazo: anayenunua mfuko wa chakula cha kuku apewe chupa ya chanjo bure.

"Watatuona tuna roho nzuri," alisema.

Sikupenda harufu ya hiyo roho nzuri, lakini nitakuwa mwongo nikisema chanjo ilikuwa mbaya. Kabla ya tarehe yake kupita ilikuwa sawa kabisa. Isitoshe, asubuhi ileile nilikuwa nimepigiwa simu na mama mmoja wa upande wa Asumbi, mteja wa tawi la Homa Bay. Kuku wa jirani yake walikuwa wamekufa wote. Wake walikuwa bado wazima, na maduka aliyouliza yote yalikuwa yameishiwa na chanjo, mpaka wiki iliyofuata. Nilimwambia tunayo, na kwamba kuna mpango unaandaliwa, asubiri meseji ya duka ndiyo itakayomwambia namna ya kuipata na mwisho wake lini.

"Basi nitaingoja, nyathina," alisema. Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo. Mimi ni Mkuria na Kijaluo changu ni cha sokoni tu, lakini hilo nalijua, na nalipenda.

Nikakaa kuandika. Meseji moja ina nafasi mia moja na sitini, na nafasi inahesabu kila kitu: herufi, nukta, hata pengo kati ya neno na neno. Ukizidisha moja tu, inahesabiwa kuwa meseji mbili na unalipia mbili kwa kila mteja. Kwa hiyo unajiuliza msomaji hawezi kuishi bila nini. Anataka kujua anapata nini, akifanya nini, wapi, mpaka lini. Na lazima umwachie mlango wa kutokea, yaani njia ya kukataa meseji zako. Mengine yote ni mapambo. Niliandika hivi:

"Nunua mfuko 1 wa chakula cha kuku, upate chanjo ya kideri bure. Migori na Homa Bay. Mwisho Jumatano saa 11 jioni. Kujitoa piga", kisha ile namba fupi inayoanza na alama ya nyota na kuishia na alama ya reli.

Ilitosha, na nafasi ikabaki. Niliisoma kwa sauti, nikaridhika.

Bosi alikuja akasimama nyuma yangu, ananukia mafuta ya nywele. "Mbona kavu hivi? Weka kuku hapo mwisho. Ile picha ya kuku."

Nikaiweka ili aone mwenyewe. Kile kihesabio cha pembeni kikaruka papo hapo. Ukiingiza kapicha kamoja, meseji nzima inabadilishwa namna ya kuandikwa ndani ya mtambo, na nafasi mia moja na sitini zinashuka kuwa sabini. Tangazo letu la meseji moja likawa la meseji tatu.

"Toa huyo kuku!" alisema haraka. Mfuko wake ulipoguswa, aliuelewa mtambo kunishinda. "Lakini lazima tuwasalimie watu. Na huku mwisho unawafundisha kututoroka. Hiyo namba toa."

"Hatuwezi kuitoa. Sheria inasema mtu apewe njia ya kujitoa."

"Basi weka STOP, kama wengine."

Nilimweleza kwamba STOP ni ya wale wanaotuma kwa namba. Sisi tunatuma kwa jina la duka, na jina halijibiwi. Mteja ataandika STOP, simu itamwambia haikwenda, na kesho tutamtumia tena. Alicheka. Alicheka kabisa, meno yote nje, kana kwamba nilikuwa nimempa zawadi. Nilijisikia nimeshika kitu chenye utelezi.

Nilitoka kwenda kununua chai. Kurudi, simu yangu ikalia mfukoni kabla sijaketi, kwa kuwa namba yangu nayo ilikuwa kwenye orodha. Nikasoma:

"Mteja wetu mpendwa, tunakujali daima. Mungu akubariki. Nunua mfuko 1 wa chakula cha kuku, upate chanjo ya kideri bure. Migori/Homa Bay. Mwisho J5. STOP kujitoa"

Kihesabio kilikuwa kimeridhika. Alikuwa amepunguza kila kitu chenye faida kwa msomaji ili apate pa kuweka upendo wake. Saa ya mwisho ilikuwa imeondolewa. Mlango wa kutokea ulikuwa umechorwa ukutani. Na siku ya mwisho, iliyokuwa neno zima lenye afya, ilibaki herufi na tarakimu. Hata Mungu alikuwa ametiwa humo kuongeza utamu.

"J5 ni nini?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

"Jumatano. Nilipokuwa nikileta bidhaa kutoka ng'ambo ya mpaka, Watanzania wote walikuwa wanaandika hivyo. J3 Jumatatu, J4 Jumanne, J5 Jumatano. Ni kisasa."

Nilimwomba atume nyingine yenye siku kamili, saa na ile namba. Alisema meseji ya pili ni gharama, na kwamba watu si wajinga. Mimi mwenyewe nimekulia karibu na mpaka na J5 nilikuwa nimeizoea. Niliiona ni uvivu na uchafu, sikuiona ni mtego. Kilichonichefua siku hiyo kilikuwa STOP.

Jumatano wateja walikuja wachache mno. Bosi alishinda akilaumu watu: hawasomi, hawapendi maendeleo, wapewe nini. Jioni chupa zilikuwa bado zimejaa kwenye friji. Nikamkumbusha zitupwe. Akasema ataona.

Ijumaa nilitumwa Homa Bay kwa sababu muuzaji wa kule alikuwa mgonjwa. Nilipofika, bosi alikuwa ametangulia, na mlangoni kulikuwa na foleni ya watu, wengine wamebeba vikapu vyenye barafu ya kuhifadhia chanjo. Sikuelewa. Mbele kabisa alisimama mama mmoja, kitambaa kichwani, simu mkononi, na aliposema nikaitambua sauti. Alikuwa yule wa Asumbi.

"Nimekuja ya kuku," alisema. "Wangu bado wazima. Leo ndiyo mwisho, si ndiyo?"

"Mwisho ilikuwa juzi, mama. Jumatano."

Akaniangalia, kisha akanionyesha simu, kidole kikiwa juu ya ile J5. "Hii ni tano, siyo? Tano ni abich. Tich Abich ni leo."

Nyuma yake watu wakaitikia. Na hapo nikaelewa, na joto likanipanda usoni. Kwa Kijaluo siku zinahesabiwa kuanzia Jumatatu, siku ya kutoka kwenda kazini. Jumanne ni kazi ya pili, Jumatano ya tatu, Alhamisi ya nne. Tich Abich, kazi ya tano, ni Ijumaa. Ile Jumatano ya Kiswahili ina tano ndani yake na bado ni siku ya tatu ya kazi. Ukiliandika neno zima hakuna anayekosea, hata mtoto. Ukilikata likabaki tarakimu, kila mtu anahesabu kwa vidole vya nyumbani kwao. Na aliyelikata ni Mjaluo, aliyezaliwa akihesabu hivyohivyo.

Nilimgeukia bosi nikidhani ataona aibu. Alikuwa anaangalia foleni, na uso wake ulikuwa umeng'aa.

Akanivuta kando, karibu na friji. "Wape," alininong'oneza.

"Imepita tarehe."

"Tarehe ni ya watu wa kiwanda. Dawa imejua aje kama ni juzi au leo? Wape, wabebe mifuko, waende. Kuku wakifa, si kideri kimewaua?"

Nimewahi kufungua gunia la pumba lenye panya aliyeoza. Nilirudi nyuma hatua ileile. Nikaenda kaunta nikamwambia yule mama, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, kwamba chanjo iliyobaki imeisha muda, nisingeidondosha kwenye jicho la kuku wangu, na sitaiuza wala kuitoa bure.

Kukazuka kelele. Bosi akaanza kueleza kwa Kijaluo, haraka haraka, mikono ikipaa. Foleni ikavunjika. Yule mama hakupiga kelele. Aliuliza tu kama kuna duka lingine lenye chanjo. Nikampigia kila niliyemjua Homa Bay, kisha Rongo, kisha Migori. Wote walisema wiki ijayo.

"Basi hizi meseji zenu mnitoe," alisema. "Nimeandika hiyo STOP ulipokuwa ukipiga simu. Inakataa."

Nilichukua simu yake nikapiga ile namba ya nyota na reli, nikamfuatishia mpaka akajibiwa kwamba ametolewa. Alinishukuru. Alinishukuru kweli, akasema nyathina, akaweka simu ndani ya kikapu juu ya barafu iliyoanza kuyeyuka, akaenda.

Chanjo mpya ilifika Jumatano iliyofuata. Bosi aliniambia niwatangazie wateja, na safari hii niliandika siku kwa neno zima akiwa amesimama pale, wala hakuthubutu kugusa. Lakini yule mama isingemfikia, kwa kuwa tulikuwa tumemtoa. Nikampigia kwa simu yangu. Nilimweleza taratibu: chanjo ipo, tarehe yake ni mbali, nimemwekea chupa moja, aje siku yoyote apendayo kuchukua ya kuku wake.

Akauliza:

"Kuku gani, nyathina?"

Bosi aliinua kichwa kutoka kwenye droo akaniuliza kama amesema atakuja lini, na kama atahitaji na mfuko.