Misumari ya Akiba

Mimi na mdogo wangu tulianza kazi ya reli hapa Kindu siku ileile, kwa mshahara uleule. Siku ya mshahara yeye alikimbilia dukani kununua bati, na hata kiwanja hakuwa nacho. Mimi nilifungia noti zangu kwenye kopo la maziwa, nikamwita mpumbavu.

"Yaya, pesa inaoza," aliniambia, akiniita yaya kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wake.

"Bati njo inaoza! Inapata kutu!"

Lakini bei ya bati ilipanda kila mwezi, nami nikingoja ishuke. Halafu redio ikatangaza kwamba noti kubwa zimefutwa. Nilipanga mstari benki siku mbili, nikabadilishiwa sehemu tu. Nikaanza upya, na kopo lilelile.

Mdogo wangu alipata kiwanja, akaezeka kwa bati zake; nyumba hiyo ya kwanza ilipata wapangaji, na kodi yao ikajenga ya pili. Mwaka wa ishirini wa kazi nilibeba akiba yangu yote dukani. Haikufika bei ya bati moja. Muuzaji akanipimia misumari.

Mdogo wangu aliipokea kwa mikono miwili, bila kucheka. Aliipigilia kwenye paa la chumba alichonipa.