Bingwa wa Kunyanyua Betri

Kituo chetu cha kubadilisha betri za pikipiki za umeme, Nyegezi, kilikuwa na bingwa mmoja, dereva wa boda. Yeye betri aliipima kwa kuinyanyua, eti nzito ndiyo ina moto mwingi. Hata mbuzi angecheka!

Siku hiyo alimbeba mama wa bibi harusi, anawahi kanisani Kigongo. Kituoni akanyanyua betri mbili, akashika iliyo nzito. Mhudumu akasoma kompyuta: “Kaka, zote mbili zimejaa, ila hiyo afya yake asilimia hamsini. Imechakaa, inashika nusu ya moto tu. Chukua hii ya tisini.”

“Kompyuta imeendesha boda lini?” bingwa akajibu, akaondoka na ile nzito. Ya tisini nikaichukua mimi, dereva mwenzake.

Nilimkuta njiani moto umekwisha, anasukuma pikipiki, jasho la kujaza ziwa. Mama akahamia kwangu.

“Mwanangu, inyanyue tena,” akamwambia bingwa, “labda imepungua uzito!”

Harusi tuliiwahi.