Rufaa ya Swali la Mwisho

Nilipokuwa kidato cha sita hapa Kigoma, mwalimu wetu wa hisabati alikuwa na utaratibu wake wa rufaa. Usiporidhika na alama, hulalamiki. Kama ni swali la kuintegreti, unakwenda ubaoni, unafanya kinyume chake kwa kulidiferenshieti jibu lako, na likirudi kuwa swali lililoulizwa, umeshinda. Ila rufaa ikishinda, swali hilo linasahihishwa upya kwa darasa zima. Hicho kipengele cha mwisho sikukitilia maanani.

Mwaka huo mtihani mmoja ulikuwa wa kumchagua mwanafunzi wa kwenda Dodoma kwenye mashindano ya hisabati. Mmoja tu. Mama yangu alishautangazia mtaa wetu wote wa Katubuka kwamba ni mimi, na migebuka, samaki wetu wa ziwani, alishaikaanga kwa ajili ya safari. Nilikuwa sijawahi kupanda treni, na nilikuwa naitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka kitu chochote.

Matokeo yakabandikwa. Wa kwanza mvulana mmoja kutoka Ilagala, hakukosa hata nusu. Wa pili jirani yangu wa dawati, aliyekatwa nusu alama kwa kuchora grafu bila kuandika majina ya mihimili. Huyu binti alikuwa akimaliza swali lolote anaandika "+ C", ile namba isiyobadilika inayotakiwa mwishoni mwa jibu la kuintegreti tu, hata la mekanika, hata la takwimu, na tulimcheka mpaka tukachoka. Mimi nilikuwa wa tatu, na kosa langu lilikuwa moja: swali la mwisho lilikuwa na mkasi mwekundu kutoka kona hadi kona.

Swali lilitaka tuintegreti 2 sin x cos x kwa kubadilisha herufi. Mvulana wa Ilagala aliita sin x u, akapata sin²x. Mimi niliita cos x u, nikapata −cos²x. Mwongozo wa mwalimu ulikuwa na sin²x. Nikanyoosha mkono.

"Karibu ubaoni," akasema mwalimu. "Anza na lile la sehemu kwa sehemu, tuone kama unajua kurudi."

Lile lilikuwa swali la kabla yake, kuintegreti x cos x, na jibu langu x sin x + cos x + C. Nikalirudisha: sin x + x cos x − sin x. Sin x zikafutana, ikabaki x cos x. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Nikahamia kwenye −cos²x yangu: ikatoka 2 cos x sin x. Swali lenyewe, halijapungua kitu.

"Sasa rudisha la mwenzio."

Nikalirudisha sin²x. Nalo likatoa swali lilelile. Darasa likaguna, maana ukiweka x sifuri, jibu lake ni sifuri na langu ni hasi moja. Yanawezaje kuwa sahihi yote mawili?

Hapo ndipo nilipojiona profesa. Nikaandika sin²x = 1 − cos²x, nikageukia darasa. "Yanapishana kwa moja tu, kila mahali. Moja ni namba isiyobadilika, ukiidiferenshieti inakuwa sifuri, inapotea. Kwa hiyo inamezwa na C."

"Safi sana," akasema mwalimu. Alifurahi kweli. "C ipi?"

Nikaitazama karatasi yangu. Kwenye lile la kwanza C ilikuwepo. Kwenye hili, baada ya kuirudisha u kuwa cos x, nilijiona nimefika nyumbani, nikaweka kalamu chini. Na chumbani mwa mtihani nililihakiki mara mbili! Lakini uhakiki ule hauwezi kukudai C, kwa sababu yenyewe ndiyo inayopotea. Nilikuwa nimetoka kulieleza jambo hilo mbele ya watu arobaini.

Mwalimu akanirudishia alama zote isipokuwa moja, ya C. Kisha akakumbuka utaratibu wake, akaomba karatasi zote. Ya mvulana wa Ilagala ilikuwa na sin²x tupu. Mwalimu akakiri alipita haraka alipoona jibu linafanana na lake, akamkata moja. Yule kijana aliniangalia kwa macho ambayo siwezi kuyaeleza. Hakuwa ameomba rufaa yoyote.

Tukawa sawa, yeye na mimi, nusu alama nyuma ya jirani yangu wa dawati. Nafasi ya Dodoma ikawa ya huyo binti, aliyekuwa amesinzia, akaamshwa apewe pongezi.

Nilifika nyumbani nikiwa na hasira na haya pamoja. Mama alinisikiliza bila kuacha kuchambua mboga.

"Mwana wanje," akaniita kwa Kiha, yaani mwanangu, "herufi moja?"

"Moja tu, mama."

"Na huyo aliyeiandika, alijua inapotakiwa?"

"Hajui. Anaiandika kila mahali."

Mama akaweka mboga chini. "Basi mpelekee hii migebuka," akasema, "na umuulize vizuri kama kweli hajui."